Mradi umefungwa, Jumatatu tunafanya nini?

Barua pepe ya kutangaza kwamba mradi umekufa hupita mikononi mwa wengi kabla haijaifikia timu yenyewe. Mwanasheria anaisoma, mfadhili anawekewa nakala, mtu wa rasilimali watu anapunguza neno hapa na pale. Ikija kufika kwa wale waliofanya kazi, imebaki mifupa: tunapenda kuwataarifu kuwa mradi umefikia tamati, tunawashukuru kwa mchango wenu, tunawatakia kila la heri. Nimepokea kadhaa za namna hiyo katika kazi hizi za miradi, na sikumbuki hata moja iliyonieleza asubuhi inayofuata niamke nikafanye nini.

Moja naikumbuka vizuri kwa sababu nilikuwepo ilipokuwa inaandikwa. Nilikuwa mratibu kwenye taasisi ndogo ya Tanzania, na mkurugenzi wetu, dada asiyependa maneno mengi, aliniita nikae naye kwa kuwa ripoti za Kiswahili zilikuwa zinapitia kwangu. Alikuwa ameruhusu nizitumie rasimu zake nitakapotaka kuandika juu ya jambo hili. Ndicho ninachofanya leo.

Mradi wenyewe ulikuwa wa kuhamisha kumbukumbu za vikoba kutoka kwenye daftari la karatasi kwenda kwenye simu. Anayevijua vikoba anajua mambo yalivyo: watu thelathini hivi, wanakutana kila wiki, kila mmoja ananunua hisa zake, anatoa ya mfuko wa jamii, anayekopa anakopa, anayechelewa anapigwa faini. Katibu anaandika kila kitu. Mwisho wa mzunguko wanavunja, kila mtu anaondoka na chake. Makosa ya kujumlisha ni mengi, na siku ya kuvunja ndipo ugomvi unapozuka. Wazo letu lilikuwa kwamba katibu aingize tarakimu kwenye simu, simu ijumlishe.

Haikuwa hivyo. Wanachama waliendelea kulitaka daftari, kwa hiyo katibu akawa anaandika mara mbili, kwanza kwenye karatasi mbele ya watu, kisha nyumbani usiku kwenye simu. Wiki ya shughuli nyingi aliruka simu. Wiki mbili zikirukwa, hesabu ya simu haifanani tena na ya daftari, na hapo hakuna anayeiamini. Nyuma ya hilo kulikuwa na jambo zito zaidi. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, kusudi asiwepo mmoja wa kulifungua peke yake. Sisi tulichukua kumbukumbu za fedha hizo hizo tukaziweka kwenye simu ya mtu mmoja yenye namba moja ya siri. Mama mmoja wa Kilosa aliliuliza hilo waziwazi kwenye mkutano: simu ikipotea, au katibu akiolewa akahama, sisi tunamdai nani?

Mfadhili alipoziona takwimu za matumizi hakutoa fedha za awamu ya pili.

Cha kwanza tulichopanga ni mpangilio wa kupeana habari, maana barua pepe haifai kuwa mahali mtu anapolisikia jambo hili kwa mara ya kwanza. Katika ofisi ya watu wachache habari huanza kuvuja kutoka kwa mhasibu anayeambiwa asimamishe malipo, ikafika kwa dereva, na jioni iko kwenye kundi la wasapu. Watu wa fildi walioko wilayani ndio huwa wa mwisho kujua, wakati wao ndio wanaokaa na wanavikundi uso kwa uso. Kwa hiyo mkurugenzi alianza na wao. Aliwapigia simu mmoja mmoja asubuhi, kisha akawaita waliokuwepo ofisini wakazungumza kwa muda mfupi tu. Barua pepe ilitoka alasiri ya siku hiyo hiyo.

Ukishazungumza na watu, barua ina kazi nyingine. Inakuwa maandishi ya kusoma tena mtu akiwa ametulia, na mara nyingi hasomi peke yake. Anamwonyesha mumewe au mkewe, na huyo mwenzake, ambaye hana habari na kufuli tatu, anatafuta sentensi moja tu: mshahara je? Tuliandika tukimfikiria na huyo.

Rasimu ya kwanza ya dada mkurugenzi ilianza na aya ya mafanikio: vikundi vingapi vilifikiwa, makatibu wangapi walifunzwa. Ilifuata aya ya shukrani, halafu sentensi moja kwamba "licha ya changamoto zilizojitokeza" mradi hautaendelea, na mwisho ahadi kwamba mafunzo tuliyopata yatatusaidia huko mbele. Nilimwuliza kama ndivyo alivyojisikia. Akasema hapana, nimekasirika na nina huzuni, lakini nani anataka kusoma huzuni ya bosi? Tulibishana kidogo hapo. Hoja yangu ilikuwa kwamba timu imemwona uso wake asubuhi; ikipata barua yenye furaha jioni, itahisi kwamba moja kati ya viwili hivyo ni uongo.

Hii ndiyo iliyotumwa, nimeondoa tu majina.

"Mada: Mradi wa daftari la simu umefungwa, na kazi yetu kuanzia Jumatatu

Habari za jioni wote,

Kama tulivyozungumza asubuhi, mradi wa daftari la simu hautaendelea baada ya awamu hii. Mfadhili hatatoa fedha za awamu ya pili, na kwa takwimu tulizo nazo sikuwa na hoja ya kumfanya abadili uamuzi.

Nimesikitika sana. Nilitegemea kwamba wakati huu tungekuwa tunaongeza vikundi. Wengine wenu mmelala kwenye nyumba za wageni zisizo na maji kwa ajili ya kazi hii, na sitaki kuandika kitu cha kulifanya hilo lionekane dogo.

Kilichotushinda ni kwamba tulimwongezea katibu kazi badala ya kumpunguzia, na tuliziweka kumbukumbu za watu thelathini kwenye simu ya mtu mmoja. Vikundi viliona tatizo hilo kabla yetu.

Kuhusu ajira: mishahara ya mwezi huu na ujao ipo na italipwa tarehe ile ile. Mikataba yote inaendelea kama ilivyoandikwa. Hakuna uamuzi uliofanyika kuhusu nani atabaki na nani hatabaki. Mazungumzo hayo yatafanyika kwa utaratibu wake, na kila mmoja atashirikishwa kabla ya lolote kuamuliwa. Alhamisi nitakaa na kila mmoja wenu.

Kuanzia Jumatatu tuna kazi moja: kila kikundi kirudishiwe kumbukumbu zake zikiwa zimechapwa, zimehakikiwa mbele ya wanachama na kusainiwa, kabla ya kuvunja mzunguko Desemba. Hatutengenezi kitu kipya chochote kwenye programu hadi kazi hiyo iishe. Mgawanyo wa vikundi nimeuambatisha.

Kipo kimoja ambacho wanachama walikipenda na bado wanakiuliza, ule ujumbe mfupi wa salio. Tutauangalia baada ya kumaliza kurudisha kumbukumbu, siyo kabla.

Kesho hakuna kikao. Asiyetaka kuja ofisini asije. Mwenye la kusema anijibu mimi, au awajibu wote akipenda."

Mada ya barua ilitusumbua kuliko nilivyotarajia. Alitaka kuandika "Taarifa muhimu". Mtu anayeiona taarifa muhimu kwenye simu akiwa kwenye daladala anafungua huku moyo unadunda. Afadhali jambo lenyewe lionekane kabla hajafungua, hasa kwa kuwa alishaambiwa kwa mdomo. Na kwa kuiweka Jumatatu kwenye mada, tulikuwa tunamwambia kwamba barua hii ina sehemu ya pili.

Aya ya masikitiko ni fupi, na inasimama peke yake. Hapo ndipo tulipokaa muda mrefu. Kila mara mkurugenzi alipoandika kwamba amesikitika, mkono ulikuwa unakimbilia faraja kwenye sentensi hiyo hiyo: nimesikitika ila najivunia, nimesikitika ila hatukupoteza. Tulizifuta zote. Faraja ikibandikwa hapo hapo, msomaji anajua anaharakishwa. Pia tulikataa kuandika "tumesikitika", kwa sababu hakuna anayejua wenzake wanajisikiaje. Kwenye timu ile alikuwepo kijana mmoja wa programu aliyekuwa ameuchukia mradi tangu mwanzo, na nina hakika alipumua uliposimama. Yule anayeandika aseme lake tu. Na aliseme mara moja: masikitiko yakirudiwa kwenye aya ya tatu na ya mwisho, timu inaanza kumhudumia bosi wakati inapaswa kujihudumia yenyewe.

Nyumba za wageni zisizo na maji ziliingia badala ya "tunatambua juhudi zenu". Mtu wa fildi akisoma juhudi zenu, anasoma maneno ambayo angeandikiwa yeyote. Akisoma habari ya maji, anajua kuna mtu alisoma ripoti zake za safari.

Sehemu ya ajira ndiyo yenye mtego wa kisheria, na watu wengi wanaoandika barua hizi hawaujui. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayefikiria kupunguza wafanyakazi atoe taarifa ya nia hiyo mapema, atoe habari zote zinazohusika, na ashauriane nao kabla: kuhusu sababu, njia za kuepuka, vigezo vya kuchagua wa kuondoka, muda, na malipo ya kuachishwa. Sasa mkurugenzi mwenye huruma anaandika kwenye barua ya kufunga mradi kwamba kwa bahati mbaya wenzetu wanne hawatakuwa nasi baada ya mwezi ujao. Kwa sentensi hiyo amekwisha kuonyesha kwamba uamuzi ulifanyika kabla ya mashauriano, na barua hiyo itasomwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kama mgogoro utafika huko. Barua ya kusikitikia mradi na taarifa ya kupunguza wafanyakazi ni nyaraka mbili tofauti. Usizichanganye, hata kama unajua moyoni mambo yanaelekea wapi. Unachoweza kusema kwa uhakika ni kile chenye fedha na tarehe tayari, kwetu ilikuwa mishahara ya miezi miwili. Kisichoamuliwa kiitwe hivyo.

Kuna mfano mkubwa zaidi ambao wasomaji wa Kenya wataukumbuka, ule wa maputo ya Loon. Kampuni hiyo ya Alphabet, mama wa Google, ilirusha maputo kama kilomita 20 juu ya ardhi kusambaza intaneti, na Julai 2020 ikaanza huduma Kenya ikishirikiana na Telkom Kenya, ikilenga eneo la karibu kilomita za mraba 50,000 magharibi na katikati ya nchi. Januari 2021, miezi sita tu baadaye, ikatangaza kufunga. Barua za wazi za siku hiyo, ya mkuu wa Loon na ya mkuu wa X, ile maabara iliyouzaa mradi huo, naona zinafaa kusomwa na yeyote anayekaa kuandika ya kwake. Sababu ilitajwa bila kuzunguka: hawakupata njia ya kushusha gharama kiasi cha kujenga biashara ya kudumu. Na nguvu zilielekezwa kwenye mambo yanayoonekana. Kikundi kidogo kingebaki kufunga huduma ya Kenya kwa utaratibu, huduma ikaendelea hadi Machi. Dola milioni 10 zilitengwa kwa mashirika na biashara za Kenya zinazoshughulika na intaneti, ujasiriamali na elimu. Na teknolojia ya kutuma data kwa miale ya mwanga, iliyokuwa imetengenezwa ili maputo yaunganishwe angani, ikachukuliwa na mradi mwingine, Taara. Mwaka huo huo wa 2021 Taara iliitumia kuvusha intaneti juu ya Mto Kongo kati ya Brazzaville na Kinshasa, umbali wa chini kidogo ya kilomita tano ambao nyaya zake zingelazimika kuzunguka mbali sana.

Kutaja Taara ndani ya tangazo la kufunga kuliwezekana kwa kuwa Taara ilikuwepo tayari. Haikubuniwa siku hiyo ili kutuliza watu. Mkurugenzi wetu alishawishika sana kuahidi mradi mpya, maana alikuwa na andiko moja kwa mfadhili mwingine. Tuliliacha nje ya barua. Andiko ni karatasi. Timu iliyotoka kupoteza mradi ikipewa tumaini la karatasi, na karatasi ikakataliwa, hutaweza kuiandikia barua ya tatu.

Tulichokuwa nacho ni deni la kumbukumbu. Fedha za watu zilikuwa zimeandikwa kwenye mtambo wetu, na kuna vikundi ambavyo daftari lao lilikuwa limeshaachwa nyuma wiki kadhaa. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayokubana usibaki na taarifa za watu ambazo huna tena kazi nazo. Ndiyo maana kazi ya Jumatatu haikuwa kupoteza muda. Kila aliyekuwa kwenye timu alikuwa na sehemu yake, na ilikuwa na mwisho.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kijana wa programu alichapa karatasi moja kwa kila mwanachama: hisa zake, alichotoa kwenye jamii, mkopo wake na kilichobaki. Ofisa wa fildi alikwenda nazo kwenye mkutano wa kawaida wa kikundi, karatasi zikasomwa kwa sauti, kila mmoja akalinganisha na daftari. Halafu ikafanywa hesabu ya jumla, ambayo ndiyo inayoumbua makosa. Chukulia kikundi chenye hisa za 3,600,000, mfuko wa jamii 300,000, riba na faini zilizokwisha kulipwa 420,000. Jumla 4,320,000. Kama mikopo iliyo nje, bila riba ambayo bado haijalipwa, ni 3,900,000, basi sanduku likifunguliwa lazima zihesabiwe 420,000, ukiondoa tu matumizi yaliyoidhinishwa. Zikipungua, ama kuna marejesho yameandikwa mara mbili kwenye simu, ama kuna mkopo ulitolewa wiki ile katibu aliyoruka. Tulikuta zaidi ule wa pili. Daftari ndilo lililokuwa linashinda mabishano, na sisi tukasahihisha upande wetu, mwenyekiti, katibu na mweka hazina wakasaini, nakala ikabaki kwao. Baada ya kusaini tu ndipo taarifa za kikundi zilifutwa kwenye mtambo.

Nadhani kilichosaidia ni kwamba kazi ile ilimlazimu kila mtu kwenda kuangalia mahali mradi uliposhindwa, kikundi kwa kikundi, akiwa na kitu cha kufanya mkononi. Kijana wa programu, yule aliyeuchukia mradi, hakuwa amewahi kuhudhuria mkutano wa kikoba. Alikwenda Kongwa mara moja, kwa sababu mashine ya kuchapa ya ofisi ya pale ilikuwa inakataa faili zake, akarudi anazungumzia funguo tatu siku nzima. Ujumbe mfupi wa salio, unaokwenda kwa kila mwanachama badala ya kukaa kwa katibu, aliuandika upya yeye bila kuagizwa, ingawa barua ilisema siyo kabla. Mkurugenzi alimkaripia, kisha akaupokea.

Majibu ya barua yalikuwa machache. Wawili walijibu kwa wote, kwa ufupi. Mmoja aliandika kwa mkurugenzi peke yake kurasa nzima za hasira, nyingi zikiwa za haki, akimkumbusha kwamba suala la kuandika mara mbili alilileta kwenye ripoti za mwanzo na halikufanyiwa kazi. Mkurugenzi alitaka kujibu kwa maandishi usiku ule ule. Nilimsihi asubiri Alhamisi, kwa sababu alikuwa amekwisha kuahidi kukaa na kila mmoja, na barua ya hasira ikijibiwa kwa barua, mazungumzo ya ana kwa ana yanageuka kesi. Alimpa muda mrefu kuliko wengine siku hiyo, akiwa na zile ripoti za mwanzo mezani, zimefunguliwa kwenye ukurasa husika.

Na alikuwepo ambaye barua haikumsaidia. Mkataba wake ulikuwa unaisha kabla kazi ya kurudisha kumbukumbu haijamalizika, naye aliona, sawasawa kabisa, kwamba anaambiwa aelekeze nguvu kwenye kitu ambacho hataona mwisho wake. Kwa mtu wa namna hiyo Jumatatu ya ofisi siyo Jumatatu yake. Mkurugenzi alimpunguzia vikundi, akambakizia viwili vya karibu na kwao, muda uliobaki autumie kutafuta kazi, na akamwandikia barua ya utambulisho inayoeleza alichofanya hasa: alihakiki hesabu za vikundi, alipatanisha daftari na mtambo, alisuluhisha tofauti mbele ya wanachama. Aliiomba kwa nakala mbili, moja ya Kiswahili na moja ya Kiingereza, na kabla ya kusaini tulirekebisha tarehe za mkataba alizokuwa ameziandika vibaya mtu wa rasilimali watu.